Pointi 3 juu ya dakika 40

Wandugu, mwaka moja nilisaidia asistanti kusahihisha ripoti za shamba: mahindi yenye mbolea ya NPK na mahindi bila mbolea. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita ya usiku, maneno yasipite 1.500. Kanuni ilikuwa fupi: mwenye kuchelewa anatoshewa pointi 3, mwenye kupita maneno anatoshewa 3 vilevile.

Wawili walituma saa sita na dakika 40. Wa kwanza kazi yake ilistahili 16 kwa 20, akabaki na 13. Wa pili alikuwa na 12, akashuka kwa 9, ni kusema ameanguka. Mtu atasema kosa moja, bei moja, hiyo ndiyo haki. Mimi nakataa. Pointi 3 ni robo ya kila kitu chenye yule wa pili alivuna. Tungetosha asilimia 10 ya kile mtu alipata, wa kwanza angebaki na 14,4 na wa pili 10,8: wote wamelipa, na hakuna mwenye ameanguka juu ya dakika 40. Ni kweli, mwenye 11 angefika 9,9. Kwa huyo adhabu isimame kwa 10, kwani 9,9 inasema hajui udongo, na yeye anaujua.

Halafu, saa ya wapi? Siku ile profesa alikuwa Kinshasa, na tangazo lilitoka kule. Kinshasa iko nyuma ya Kolwezi kwa saa moja. Wakati sisi tulikuwa na saa sita na dakika 40, kwake ilikuwa bado saa tano na dakika 40. Kwa saa ya mwenye alitoa amri, hakuna mwenye alichelewa!

Kwa maneno, dada mmoja alikuwa na 1.590. Nikafungua kazi yake. Word inahesabu kila kitu chenye kiko kati ya nafasi mbili: «kg/ha» ni neno moja, lakini yeye aliandika «kg / ha», ikawa matatu. Jedwali lake la mavuno pia lilihesabiwa, namba kwa namba. Bila jedwali alibaki na 1.430. Wenzake walibandika jedwali kama picha, na picha haihesabiwe. Basi mwenye aliandika namba zake wazi ndiye alilipa.

Ningeandika mbele ya kazi kuanza: jedwali halihesabiwe, na msomaji anasimama kwa neno la 1.500. Mwenye amepita, mwisho wake hausomwe. Hapo amekwisha kulipa, usimtoshee tena pointi.

Asistanti alirudishia wale wawili pointi zao. Za dada alikataa, akasema kanuni haikutaja jedwali. Na kweli, haikutaja.