Anayesimama kuuliza swali ajitambulishe vipi?

Majuzi nilihudhuria mkutano wa wakulima wa majani chai katika ukumbi wa shule moja huko Bureti, Kaunti ya Kericho. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye vituo vya kupimia majani, na lilialika "wakulima wote". Ajenda ilikuwa bonasi, yaani malipo ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima hupata juu ya yale ya kila mwezi. Kwa miaka kadhaa sasa wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilalamika kwamba bonasi yao ni ya chini kuliko ya wenzao wa mashariki, kwa hiyo ukumbi ulijaa mapema.

Baada ya hotuba, mwenyekiti alisema kila muulizaji ana dakika mbili. Mama mmoja wa makamo akainuka, akapewa kipaza sauti, akasema maneno ambayo niliyaandika karibu yote kwenye daftari langu:

"Bwana mwenyekiti, viongozi wetu wote mko hapo mbele, itifaki zote zimezingatiwa. Chamgei? Chamgei tena? Nashukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na nashukuru kwa hii nafasi nimepewa. Kwa majina naitwa...," akataja majina yake matatu, "natoka hapa tu karibu, mimi ni mke wa mkulima. Niko na swali kidogo tu. Swali langu ni kwamba hii bonasi imeshuka na sisi ndio tunachuma."

Mwenyekiti akamkatiza: "Mama, wewe uko na nambari ya chai?" Akajibu, "Ni ya mzee." "Basi mzee aje aulize." Watu wakacheka. Mama akakaa, na kipaza sauti kikaenda kwa mwingine.

Mwalimu mmoja aliyeketi kando yangu aliniinamia akanong'ona, "Umesikia hiyo 'kwa majina'? Si Kiswahili." Nami nikatikisa kichwa kukubaliana naye. Nilikubali upesi mno. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba sisi wawili tuliokwenda shule tulikuwa tukisahihisha neno ambalo halikumdhuru mama yule, huku lile lililomkalisha chini likitupita.

Nianze na hilo tulilolisahihisha. "Kwa majina naitwa" ni msemo ulioenea mno katika Kiswahili cha Kenya, na wanaoukosoa wana sababu. Kitenzi "naitwa" tayari kinabeba dhana ya jina, kwa hiyo "kwa majina" ni ziada. Aliye sanifu atasema "Naitwa Chebet" au "Jina langu ni Chebet". Kibaya zaidi ni "Jina langu naitwa Chebet", maana hapo sentensi mbili zimegonganishwa na kila moja imepoteza nusu yake. Hata hivyo, wingi wa "majina" una chanzo chake. Mkipsigis wa kawaida ana jina la ubatizo, ana jina la kuzaliwa kama vile Chebet kwa msichana aliyezaliwa mchana au Kipkoech kwa mvulana aliyezaliwa alfajiri, na mwanamume akishatahiriwa huongeza "arap", yaani mwana wa fulani, kama tunavyoona kwa Taaitta arap Toweett, mwanasiasa aliyeandika pia kuhusu isimu ya Kikalenjin. Kijijini mtu anaweza kujulikana kwa jina moja na kwenye daftari la kiwanda akaandikwa kwa jingine. Anayesema "kwa majina" anajua kwamba anayo mengi.

Ushauri wangu hapo ni mdogo. Mtu aseme "Naitwa", kisha ataje jina lililoandikwa kwenye daftari linalohusika, kwa sababu katibu anayeandika kumbukumbu atalitafuta hilo. Akitaja la kijijini peke yake, kumbukumbu zitamhusu mtu asiyepatikana.

Vivyo hivyo kuhusu "niko na swali". Kiambishi -ko huonyesha mahali, kwa hiyo sanifu ni "nina swali". Lakini hakuna mwenyekiti aliyewahi kumnyima mtu jibu kwa sababu ya "niko na". Mwenyekiti wetu mwenyewe aliuliza, "uko na nambari?"

Sasa tuyatazame yaliyomponza. Utambulisho wa anayeuliza kutoka ukumbini una kazi tatu: kusema jina, kusema atokako, na kusema ana uhusiano gani na jambo linalojadiliwa. Kazi ya tatu ndiyo inayowafanya waliokaa mbele waone kwamba wanawajibika kumjibu. Mama yule alitumia sehemu kubwa ya maneno yake kabla hajafika kwenye hata moja. Itifaki ni wajibu wa mwenye kufungua kikao, na ilikuwa imekwisha kutajwa na watatu kabla yake. Salamu moja ya "Chamgei" ingetosha. Shukrani nazo ni adabu yetu na sitaki zifutwe, ila "Asante mwenyekiti" imezibeba zote.

Alipofika kwenye atokako alisema "hapa tu karibu". Kila aliyekuwa ukumbini alitoka karibu. Kituo anakopimia majani kingesaidia zaidi, kwa kuwa malalamiko ya mizani, lori kuchelewa na majani kukataliwa hufuatiliwa kwa kituo.

Kisha akajieleza kuwa "mke wa mkulima". Hapo ndipo alipompa mwenyekiti mlango wa kumtolea. Nambari ya mkulima kwa kawaida hufuata jina la mwenye shamba, na mashamba mengi Kericho na Bomet yameandikwa kwa jina la mume. Mke ndiye anayeamka kuchuma, anayebeba kikapu hadi kituoni na anayesimama foleni kwenye mizani. Risiti hata hivyo hutoka kwa jina la mzee, na bonasi huingia kwenye akaunti ya mzee. Mama alilitumia neno "mkulima" kwa maana ya daftari: mwenye nambari. Akajitoa katika kundi la wakulima kwa ulimi wake mwenyewe.

Neno lenyewe halisemi hivyo. "Mkulima" limeundwa kwa kitenzi "kulima", na hata "ku" yake haikudondoka. Maana yake ni mtu anayelima. Hakuna kamusi ya Kiswahili inayodai kwamba mkulima ni mwenye hatimiliki au nambari. Tangazo liliposema "wakulima wote", msomaji yeyote wa Kiswahili angeelewa kwamba anayepalilia na kuchuma amealikwa. Mwenyekiti alilibana neno hilo katikati ya mkutano, na hakuna aliyempinga, mimi nikiwa mmoja wao.

Hebu tuusuke upya utambulisho ule, tukibaki na ukweli uleule: "Asante mwenyekiti. Naitwa Chebet," tuseme ndilo jina, "napima majani katika kituo hiki," akitaje. "Mimi ni mkulima. Nambari imeandikwa kwa jina la mume wangu, lakini mimi ndiye ninayechuma na kupeleka." Sentensi hizi ni fupi kuliko zake, na hazifichi kwamba nambari ni ya mume. Tofauti ni mpangilio. "Mimi ni mkulima" imetangulia, na "ndiye" inatilia mkazo kwamba ni yeye, wala si mwingine, aliye na habari za shambani. Mwenyekiti akitaka kumkatalia itambidi aseme waziwazi kwamba anayechuma si mkulima, na hilo ni gumu kulitamka mbele ya ukumbi uliojaa wachumaji.

Lazima niongeze kwamba utambulisho huo hautafaa kila kikao. Ukiwa ni mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni ya kiwanda, haki ya kusema ni ya wanahisa, na sheria inamruhusu mwanahisa kumteua wakala. Huko mama angehitaji fomu ya uwakilishi iliyowasilishwa mapema, na utambulisho wake ungeanza hivi: "Nimekuja kama wakala wa mwanahisa fulani, fomu iko kwa katibu." Asipokuwa nayo, ufasaha hautamwokoa. Ukiwa ni mkutano wa bunge la kaunti wa kukusanya maoni ya umma, hali ni kinyume. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge hilo liwezeshe umma kushiriki, na umma hauna nambari ya chai. Huko "mimi ni mkazi wa wadi ya Litein" inatosha. Kwa hiyo kabla ya kuinuka, mtu ajiulize kikao hiki kinampa nani haki ya kusema, kisha ataje uhusiano unaolingana nacho.

Pia kuna anayelazimika kupunguza. Mchuma chai aliyeajiriwa kwenye shamba kubwa, ambaye nyumba anamolala ni ya mwajiri, anajua kwamba jina, kambi na msimamizi vikitajwa pamoja vinaweza kumgharimu kazi. Simlaumu akisema tu, "Mimi ni mchuma chai katika mojawapo ya mashamba haya makubwa." Kazi ya tatu ameitimiza, nayo ndiyo inayohitajika ili swali lake lipimwe. Mwenyekiti anayesisitiza jina kamili katika hali hiyo hatafuti usahihi wa kumbukumbu.

Limebaki moja, na liko kwenye mpaka wa utambulisho na swali. Mama alisema, "Swali langu ni kwamba bonasi imeshuka." Neno "kwamba" hutanguliza taarifa, na taarifa haidai jibu. Aliye mbele akisikia "swali langu ni kwamba" anaweza kusema "tumesikia" na kuendelea, na atakuwa hajakosea. Anayetaka jibu aanze na neno la kuulizia: "Kwa nini bonasi imeshuka?" au bora zaidi, "Ni gharama gani zilizokatwa kabla ya bonasi, na tunaweza kuzisoma wapi?" Hapo "tumesikia" haiwezi kuwa jibu.

Mkutano ulipokwisha nilimtafuta yule mama nje nikamwuliza alichotaka kujua. Alisema majani yao ya mwaka huu yalikuwa mengi kuliko ya mwaka uliotangulia, risiti zote anazo, na bado pesa ni kidogo, kwa hiyo alitaka kuelezwa hesabu. Nikamwambia angeanza kwa kusema yeye ni mkulima. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, na wewe ulikuwa umekaa pale. Mbona hukuwaambia?"

Sikuwa na jibu, wala swali lake halikuwa na "kwamba" ndani yake.