Aya tuliyoiacha: mswada wa kumfariji mfiwa wa Kyondo

Ukimwomba mhubiri yeyote aya ya kumfariji mfiwa, Isaya 43:2 haikawii kutajwa. Humo Mungu anaahidi kwamba watu wake watapita majini bila kugharikishwa na motoni bila kuteketea. Kwa video fupi ya kutumwa kwa simu huko Kyondo na Bwera, wilayani Kasese, Uganda, hiyo ndiyo aya ya kwanza kuondolewa.

Sababu ni yale yaliyotokea huko. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Septemba 2022 maporomoko ya udongo yaliwafukia watu Kasika, Rukoki. Usiku wa Juni 16, 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakawachoma wavulana bwenini. Baadhi ya miili haikutambulika mpaka kwa vipimo vya vinasaba. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa na maji au aliungua motoni, anaisikia ahadi hiyo na kujiuliza mbona kwake haikutimia. Kwa sababu hiyohiyo tuliacha habari ya wale vijana watatu wa Danieli 3 waliotoka tanuruni salama, na Zaburi 46, ambako milima inatikisika.

Tulibaki na Yohana 11, nayo tukaishia mstari wa 35, pale Yesu anapolia. Kuvuka hapo hadi mstari wa 43, Lazaro anapoitwa atoke, ni kumpa mfiwa swali jipya: wangu mbona hakuitwa? Ufufuo una mahali pake, katika mahubiri ya mazishi na mazungumzo ya baadaye, ambako mtu anaweza kuuliza na kujibiwa. Video ya dakika moja haiwezi kuulizwa kitu.

Mswada wenyewe ni huu:

> Ndugu yangu uliyefiwa, pole sana. *(kimya, sekunde 3)*
> Sijui ulilalaje jana, wala kama umeonja chochote. Huhitaji kunijibu. *(sekunde 4)*
> Yesu alipofika kwa Martha na Mariamu, ndugu yao alikuwa ameshafariki. Hakuwaambia wanyamaze. Alilia pamoja nao. *(sekunde 5)*
> Ukilia leo, imani yako haijapungua. *(sekunde 4)*
> Mungu hayuko mbali nawe saa hii. Nasi tupo.

Ni maneno 42 tu. Yakisomwa taratibu, pamoja na vituo, yanakaribia dakika moja. Neno kaburi halimo, kwa kuwa wapo waliosubiri muda mrefu kabla ya kupata mwili wa kuzika. Halimo pia neno lolote linaloeleza kwa nini kifo kilitokea; Warumi 8:28, kuhusu mambo yote kuishia kwenye mema, tuliiweka kando ingawa tunaiamini. Kiswahili tulikichagua kwa sababu ya Mpondwe, ambako soko linakutanisha watu wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo. Kwa mama wa Kyondo mlimani, maneno haya yasomwe upya kwa Lhukonzo na mtu anayezungumza lugha hiyo nyumbani.

Muziki ni gitaa moja linalopigwa kwa vidole, bila ngoma wala kwaya. Hatukutumia wimbo wa tenzi unaojulikana: msikilizaji angeanza kuuimba moyoni na kuacha kusikiliza, na huenda ndio ulioimbwa siku ya mazishi. Gitaa linaingia baada ya kimya cha kwanza, likiwa chini ya sauti ya msomaji kwa takriban desibeli 20. Simu ya bei nafuu haitoi besi, kwa hiyo usipime kwa spika kubwa. Weka simu mezani, mpe mtu asikilize mara moja, kisha mwombe akuimbie ule muziki. Akiweza kuufuata mdundo wake, punguza.

Baada ya maneno kwamba Yesu alilia, gitaa linakoma kabisa. Hapo fundi hushawishika kukata sauti yote, na mtazamaji hudhani simu imegoma. Kwa hiyo msomaji arekodi pia nusu dakika ya chumba kitupu, na ule mvumo hafifu wa chumba ndio uwekwe ndani ya kimya kile. Gitaa linarudi baada ya mstari wa imani, na kuondoka kabla ya "Nasi tupo", ili maneno hayo mawili yasikike peke yake.

Hayo mawili ndiyo yaliyotupa shida zaidi. Yana maana ikiwa tu kuna mtu atakayekwenda. Tulikubaliana kwamba video itumwe matanga yakishaanuliwa na jamaa wametawanyika, tena na mtu anayefahamiana na mfiwa, ambaye ameshapanga siku ya kumtembelea. Asipokuwapo mtu wa namna hiyo, maneno hayo yanakatwa na video inaishia kwa Mungu.