Kamba Iliyofungwa Fupi

Skripti ya filamu fupi ina kanuni ngumu: ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na kila kilichoandikwa humo lazima kionekane au kisikike. Mwandishi wa riwaya anaweza kutumia kurasa tatu kusimulia jinsi bahari ilivyolimeza jiji. Mwenye skripti ya kurasa kumi hana nafasi hiyo, na hata akiilazimisha, kamera haiwezi kupiga picha ya maneno "jiji limezama kwa miaka arobaini". Ugumu huo ndio unaoifanya kazi hii kuwa ufundi, kwa sababu humwondoa mwandishi kwenye swali la jiji lake linafananaje na kumpeleka kwenye swali lenye manufaa zaidi: maji haya yanawalazimisha watu kufanya nini kila siku?

Tuchukue Kivukoni, Dar es Salaam, katika wakati ujao ambapo bahari imepanda na haikurudi. Kosa la kwanza ni kuyafikiria maji hayo kana kwamba ni ya bwawa, yametulia tuli. Bahari ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, karibu kimo cha ghorofa moja. Kwa hiyo katika jiji hilo kuna ghorofa nzima inayozama na kuibuka, kisha kuzama tena, kabla siku haijaisha. Mwandishi akishalishika hilo, hahitaji kubuni mitambo ya ajabu. Anayo sheria moja ambayo kila mkazi ataitii kwa mikono yake, na atakayeivunja atalipia.

Tuseme skripti inaanza alfajiri, maji yamejaa. Mgeni kutoka bara anausogeza mtumbwi wake hadi dirisha la ghorofa ya tatu, anaufunga kwenye nondo kwa kamba fupi na kulikaza fundo. Zuhura, msichana wa miaka 15, anafunga wake kando, lakini anaiachia kamba ndefu inayolegea majini. Analitazama fundo la mgeni, anamtazama mgeni mwenyewe, kisha anaingia ndani bila kusema neno. Picha inakatwa. Mchana, maji yamepwa. Mtumbwi wa mgeni unaning'inia ukutani, umepinda upande, magunia yake yanaelea mbali. Wa Zuhura umeshuka pamoja na maji, umetulia. Kwenye nondo za dirisha la chini, lililokuwa limefunikwa asubuhi, wameota chaza. Hakuna aliyeitaja bahari, lakini mtazamaji ameelewa kwamba maji hupanda na kushuka, kwamba yamekuwapo muda wa kutosha chaza kushika chuma, na kwamba mgeni si wa hapa. Zaidi ya yote, ameelewa kwamba Zuhura alijua na akanyamaza. Tendo lililoujenga ulimwengu ndilo hilo hilo lililoanzisha mgogoro, na hapo ndipo penye ubora wake.

Linganisha na skripti inayomfanya Zuhura aseme, "Kama unavyojua, mama, tangu bahari ilipopanda maji hupwa kila mchana." Mama anajua, kwa hiyo maneno hayo hayamhusu; yameelekezwa kwetu, na mara moja wahusika wawili wamegeuka watangazaji. Dawa yake ni rahisi: funika mazungumzo yote kwa karatasi, usome maelezo ya matendo peke yake. Ikiwa ulimwengu umetoweka pamoja na maneno, basi haukuwa umejengwa bado.

Atakayepinga atasema kwamba mtazamaji asipoelezwa atapotea. Hoja hiyo ina uzito, ila inachanganya aina mbili za kutojua. Mtazamaji huvumilia kutojua bahari ilipanda mwaka gani. Asichovumilia ni kutojua mhusika anataka nini. Mgeni wetu akiwa na magunia ya kuuza kabla ya jua kutua, tunamfuata. Filamu ya Waterworld ya 1995 imeweka njia zote mbili karibu karibu mwanzoni: msimulizi anatueleza kwamba barafu ya ncha za dunia imeyeyuka, kisha tunamwona mtu akiuchuja mkojo wake na kuunywa. Tendo hilo lingeeleweka bila msimulizi, na linaongeza kitu ambacho msimulizi hakukigusa, yaani kiu ya mtu aliyezungukwa na maji.

Wengine watasema maandishi mafupi ya mwanzo hayana dhara. Ni kweli. Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya Kenya ya 2009 kuhusu dunia iliyokauka, hutumia maandishi ya aina hiyo kututajia vita vya maji. Lakini maandishi hayo hutupa wakati na mahali tu. Thamani ya maji tunaijua pale watu wanapokusanya jasho na mkojo wao ili visafishwe na kunywewa tena. Basi maandishi yataje mwaka, ikibidi. Sheria ya ulimwengu ule ithibitishwe na mtu anayeifuata, na zaidi na yule anayeivunja bila kujua, kwa sababu hasara yake haihitaji mfafanuzi.