Fuata Mfuko Mmoja wa Saruji: Namna ya Kuupima Mfumo wa ERP Kabla ya Kuununua

Fundi anaingia kwenye duka la hadiwea Ruiru saa tatu asubuhi. Anachukua mifuko 10 ya saruji kwa bei ya shilingi 800 kila mmoja, analipa 5,000 kwa M-Pesa na kuahidi kuleta salio Jumamosi. Shughuli yenyewe haichukui dakika tano, ila kwa upande wa hesabu mambo manne yametokea kwa pamoja: mifuko 10 imetoka stoo, mauzo ya 8,000 yamefanyika, 5,000 zimeingia kwenye simu ya duka, na fundi ana deni la 3,000.

Mwenye duka anayetumia Excel huwa na faili la stoki, faili la mauzo na jingine la madeni. Tukio hilo moja analiandika mara tatu, na mara nyingi anaitwa na mteja wa misumari kabla hajamaliza. Stoki anaipunguza, mauzo anayaandika, deni anajiambia ataliandika jioni. Jioni inapofika amechoka. Mwisho wa mwezi faili tatu zinasema mambo matatu, na hakuna anayeweza kujua lipi ni la kweli.

ERP ni mfumo ambao tukio huandikwa mara moja tu, na stoki, mauzo, pesa na madeni vyote husoma kutoka kwenye maandishi hayo hayo. Jina hilo lilitolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990 kwa ajili ya programu za viwanda vikubwa, na kwa Kiswahili tunaweza kusema ni mfumo wa kupanga rasilimali za biashara. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Siku hizi kuna mifumo ambayo hata duka la watu watatu linaweza kuimudu, kama ERPNext iliyotoka India na Odoo iliyotoka Ubelgiji, mbali na mingine mingi inayotengenezwa hapa hapa Kenya. Ndiyo maana kazi ngumu imekuwa kuchagua, kwa sababu mifumo mingi inayouzwa kwa jina la ERP ni mashine ya kutoa risiti iliyopambwa tu.

Kabla ya kuupima mfumo, ni vizuri kujua Excel inakosea wapi hasa. Watu husema tatizo lake ni makosa ya kuandika, lakini makosa ya kuandika yako kila mahali. Tatizo kubwa ni kwamba lahajedwali halitofautishi jambo lililokwisha kutokea na jambo linalokokotolewa sasa hivi. Chukua faili la mauzo ambalo safu ya B ina jina la bidhaa na C ina idadi, huku bei zikikaa kwenye ukurasa unaoitwa Bei. Aliyelitengeneza, akiwa na nia njema kabisa, aliandika hivi:

```
=C2*VLOOKUP(B2,Bei!A:B,2,FALSE)
```

Fomula hii inatafuta bei ya bidhaa na kuizidisha kwa idadi. Inafanya kazi vizuri mpaka siku saruji inapopanda kutoka 780 hadi 800. Ukibadilisha bei kwenye ukurasa wa Bei, mauzo ya Januari nayo yanapanda, ingawa Januari hakuna mteja aliyelipa 800. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo. Nimeona duka moja likitafuta kwa wiki nzima pesa ambazo keshia alidhaniwa kuziiba, kumbe hazikuwahi kuingia. Fomula ndiyo iliyozizaa. Kwenye ERP nzuri bei hunakiliwa ndani ya risiti wakati wa kuuza na kubaki hivyo. Kipimo cha kwanza basi ni hiki: uza kitu, badilisha bei yake, halafu fungua risiti ya zamani. Ikiwa imebadilika, funga kompyuta na umshukuru muuzaji.

Kipimo cha pili ni gharama, na hapa ndipo mfumo mzuri hujitofautisha na ule wa kupambwa. Turudi kwenye saruji, tukiacha VAT kando ili hesabu iwe nyepesi. Stoo ilikuwa na mifuko 40 iliyonunuliwa kwa 700. Kabla fundi hajafika, lori lilileta mingine 60 kwa 740, na vijana walioshusha walilipwa 900. Mwenye duka wa Excel bado ana 700 kichwani na kwenye faili, kwa hiyo anaamini kila mfuko unampa faida ya 100, yaani 1,000 kwa mifuko 10 ya fundi.

Mfumo unaotumia wastani wa gharama unahesabu namna nyingine. Mifuko 40 ya zamani ni 28,000. Mifuko 60 mipya ni 44,400, ongeza 900 za kushusha, unapata 45,300. Jumla ni 73,300 kwa mifuko 100, yaani kila mfuko umekugharimu 733. Faida halisi ya mauzo kwa fundi ni 670. Tofauti ya 330 kwa mteja mmoja inaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu auze mwaka mzima kwa bidii na kushangaa kwa nini hana pesa za kujaza stoo. Mwambie muuzaji wa mfumo aingize ununuzi huo wa mara mbili mbele yako, pamoja na pesa za kushusha, kisha akuonyeshe gharama ya mfuko mmoja. Akipata 733, endelea kumsikiliza. Baadhi ya mifumo hutoa kwanza gharama ya mzigo wa zamani, na hapo utaona 700. Hiyo pia ni njia halali, mradi muuzaji aweze kukueleza kwa nini. Ukiona 740 au 720, ujue mfumo unachukua bei ya mwisho, au wastani wa bei mbili bila kujali idadi, na kila ripoti ya faida itakayotoka humo itakuwa ya uongo.

Ukiwa hapo hapo, jaribu misumari. Inanunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo, nusu kilo na robo. Mfumo unapaswa kupokea katoni moja ya kilo 25, kisha ukubali kuuza robo kilo na kusema zimebaki kilo 24.75. Inashangaza ni mifumo mingapi inayokwama hapa, ikitaka ufungue bidhaa mbili tofauti, misumari ya katoni na misumari ya kilo. Duka likiisha kuwa na bidhaa mbili kwa kitu kimoja, hesabu ya stoo imeshaharibika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kufuta. Mwombe muuzaji atengeneze risiti, aikamilishe, kisha aifute kabisa isionekane tena. Wauzaji wengi huona fahari kuonyesha jinsi ilivyo rahisi. Ukiona risiti iliyokamilika imetoweka bila alama, usinunue. Keshia anayeweza kufuta risiti anaweza kuuza mifuko 10, kupokea pesa taslimu na kuondoa kila ushahidi. Mfumo wa heshima hausahau. Kwenye ERPNext, kwa mfano, risiti iliyokwisha kuwasilishwa haihaririwi kiholela; inabatilishwa na kubaki pale ikiwa na neno `Cancelled`, na ukiirekebisha inatoka nakala mpya yenye nambari ile ile iliyoongezewa `-1` mwishoni. Nambari hiyo inakwambia kwamba kuna kitu kilibadilishwa, na ukifungua utaona nani alibadilisha na lini. Hata hivyo mwenye ruhusa zote anaweza kuondoa hata iliyobatilishwa, kwa hiyo ruhusa hizo zisikae kwa mtu wa kaunta. Uliza pia kama unaweza kufunga mwezi uliopita ili asiwepo wa kuugusa.

Ukiwa na matawi mawili, moja Thika na jingine Ruiru, kuna kipimo kingine usichopaswa kukikosa. Kati ya miji hiyo ni kilomita 20 hivi, na siku ya msongamano pikapu ya mabati inaweza kutoka Thika asubuhi na kupokelewa Ruiru mchana. Katika saa hizo mabati yako wapi? Kwa Excel mbili, Thika imeshayatoa na Ruiru haijayapokea, au mbaya zaidi, matawi yote mawili yanayahesabu. Mfumo mzuri una stoo ya tatu, ya njiani. Thika ikituma mabati 30, yanakaa njiani mpaka mtu wa Ruiru ayahesabu na kuyapokea. Akipokea 28, mawili yanabaki njiani yakimsubiri mwenye kuyaeleza. Mfumo unaohamisha mali papo hapo, kutoka tawi hadi tawi kwa kubonyeza kitufe kimoja, unaficha upotevu katika sehemu ambayo upotevu hutokea zaidi.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA unapokokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kwa hiyo mafundi na wakandarasi wanaonunua kwako watakudai ankara hiyo. Mfumo uitume wenyewe wakati wa kuuza. Ukilazimika kuandika tena kwenye ukurasa wa KRA, umerudi kule kule kwa kuandika mara mbili.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. ERP haiwezi kujua kilichomo stoo, inajua ulichoiambia. Mfuko wa saruji ukichanika au ukilowa na usiandikwe, mfumo utaendelea kuuhesabu. Duka lenye mfumo mzuri linahitaji bado mtu wa kuhesabu kwa mkono, bidhaa chache kila wiki, akianza na zile za thamani kubwa. Na siku ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote: ukiingiza stoki ya kuanzia kwa kunakili lile faili la Excel bila kuhesabu upya, umehamisha makosa ya zamani kwenye nyumba mpya. Funga duka Jumapili moja, hesabu kila kitu, ndipo uingize.

Kama una tawi moja, bidhaa zisizozidi 50, hukopeshi mtu, na wewe mwenyewe ndiye unayekaa kaunta, bado Excel inakutosha. Ila andika bei kwa mkono katika kila mstari wa mauzo badala ya kuivuta kwa fomula. Siku utakapoajiri keshia wa pili, au kufungua tawi la pili, ndipo uanze kutafuta mfumo. Ukimwita muuzaji, usimwache akuonyeshe bidhaa zake za mfano. Mpe mifuko 100 ya saruji, katoni ya misumari na mabati 30 yaliyo njiani, kisha umwambie afute risiti.