Sentensi Moja Kabla ya Barua Pepe

Yupo mhasibu mmoja Mombasa ambaye hutafuta wateja kwa barua pepe, hasa mikahawa na hoteli ndogo. Kinachonivutia kwake ni kazi anayoifanya kabla hata hajafungua kompyuta. Huchukua karatasi, akaandika sentensi moja inayosema anamfaa nani na kwa lipi, kisha akaikatakata mpaka ikae sawa. Wakati mwingine asubuhi nzima huishia hapo, na barua yenyewe akaiandika baada ya chakula cha mchana.

Sentensi yake ya kwanza huwa mbaya kama za wengine: “Ninatoa huduma bora za uhasibu na kodi kwa biashara ndogo na za kati.” Huitazama, akajiuliza: mhasibu wa mtaa wa pili akiweka jina lake hapa, kuna kitakachoharibika? Hakuna. Basi anaifuta. Neno “bora” huondoka kwanza, kwa sababu hakuna mhasibu aliyewahi kujiita hafifu.

Baada ya hapo huacha kujitazama yeye, akaanza kutazama jiko la mteja. Mkahawa wa samaki hununua kwa nani? Kwa wavuvi na kwa mama mboga, taslimu, bila ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, ukiacha matumizi machache kama mishahara, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Mkahawa uliosajiliwa kama kampuni ukinunua samaki wa shilingi 50,000 kwa wiki, kwa mwaka ni milioni 2.6. Gharama hiyo ikikataliwa, fedha alizokwishalipwa mvuvi huhesabiwa kuwa faida, na kwa kiwango cha asilimia 30 kampuni hulipa kodi ya ziada ya shilingi 780,000. Sheria ilirekebishwa Desemba 2024, na sasa mnunuzi anaweza kuandaa ankara mwenyewe kwa niaba ya mkulima au muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye mkahawa, aliyeshinda jikoni tangu alfajiri, hana muda wa kuziandaa.

Hapo ndipo sentensi inapopatikana: “Kwa mikahawa inayonunua samaki na mboga kwa wauzaji wadogo, ninaandaa ankara za eTIMS za manunuzi hayo kila wiki, ili gharama hiyo isikataliwe mwisho wa mwaka.” Neno uhasibu halimo, wala miaka ya uzoefu, wala vyeti. Kuna mtu, kuna kazi, kuna hasara inayoepukwa. “Kila wiki” nalo lina uzito wake, kwa kuwa ankara zikiachwa mpaka mwisho wa mwaka, hakuna tena anayekumbuka ni mvuvi yupi aliyeleta changu na yupi pweza.

Sentensi hiyo humsomea dada yake, ambaye ni mshonaji, kisha akamwomba aieleze kwa maneno yake. Dada akisema “unawafanyia mambo ya kodi,” sentensi bado haijaiva. Akisema “unawaandikia risiti za samaki,” imeiva.

Majibu ya wateja nayo huyasoma kwa jicho hilohilo. Meneja akiuliza bei tu, ina maana ameona huduma lakini hajaiona hasara yake. Akijibu “ahsante, tunaye mhasibu,” ameelewa kwamba anaombwa amfukuze mtu. Jibu hilo la pili lilipojirudia, aliongeza maneno manne kwenye sentensi: “bila kumgusa mhasibu wenu.” Sehemu nyingine ya barua hakuigusa. Wengi wetu tungeongeza aya nzima ya kujieleza.

Sentensi ikishasimama, barua huwa fupi. Kichwa chake ni “Ankara za samaki na mboga.” Inafuata sentensi yenyewe, halafu hesabu ile ya 50,000 kwa wiki, ikielezwa wazi kuwa ni mfano, na mwisho ombi la dakika 15 za kupitia manunuzi ya mwezi mmoja.

Lakini ninachokistahi zaidi ni majina anayoyafuta kwenye orodha ya wateja. Mkahawa unaolipa kodi ya mauzo ghafi, asilimia 3, hutozwa kwa mauzo yote bila kuondoa gharama. Ankara za samaki haziupunguzii kodi hiyo hata senti. Hoteli inayonunua kila kitu kwa wasambazaji wakubwa tayari inazo ankara zake. Wote hao wangeweza kupokea ile barua ya “huduma bora,” na yeyote kati yao angeweza kumwita kwenye mkutano usio na kazi ndani yake. Kwa sentensi hii hawaandikii kabisa, na orodha yake ya wateja watarajiwa huwa fupi kuliko ya mhasibu yeyote ninayemjua.