Mhimili Uliobeba Mabomba Sita

Ukipewa ripoti ya maji ya kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, au ya Nduta kule Kibondo, usianze kupima urefu wa mihimili ya grafu. Tazama kwanza kama juu ya kila mhimili kuna nukta, nukta moja kwa kila bomba. Zikikosekana, mchoraji amekupa wastani tu.

Kipimo kinachotumika kambini ni lita 20 kwa mtu kwa siku, ambacho ni lengo la shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mwongozo wa Sphere unaweka 15 kuwa kiwango cha chini. Sasa tubuni kanda mbili zenye mabomba sita kila moja. Kanda ya kwanza inatoa 19, 20, 20, 20, 20 na 21. Ya pili inatoa 8, 9, 10, 11, 40 na 42. Wastani wa zote mbili ni 20, kwa hiyo mihimili inalingana na ofisini kila mtu ameridhika, ilhali katika kanda ya pili mabomba manne kati ya sita hayafiki hata 15.

Wapo wanaodhani kijiti cha kosa sanifu kinatosha. Kwenye kanda ya pili kijiti hicho kinaanzia kama 13 na kuishia kama 27, na humo ndani hakuna bomba hata moja. Kinaonyesha wastani unayumba kiasi gani, wala hakisemi mabomba yamejigawa makundi mawili.

Fundi mzuri hufanya mhimili uwe wa rangi hafifu, uanzie sifuri, kisha huweka nukta tupu juu yake. Nukta zenye thamani sawa hufunikana, kwa hiyo huzisogeza kidogo kushoto na kulia:

```
ggplot(d, aes(kanda, lita)) +
  stat_summary(fun = mean, geom = "bar", fill = "grey85") +
  geom_jitter(width = 0.15, height = 0, shape = 1)
```

Hapo `height = 0` ndipo ninapomtambua anayeijua kazi. Ukiiacha, programu husogeza nukta juu na chini pia, na bomba la lita 11 linaonekana kutoa kitu kingine. Nukta zikifika mamia zinageuka doa tu; hapo chora umbo la mtawanyiko wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hata nukta hazilisemi zikiwa na ukubwa mmoja: watu wanaopanga foleni. Tuseme yale mabomba manne dhaifu yanahudumia watu 200 kila moja, na yale mawili yenye maji tele watu 50 kila moja. Ukihesabu kwa kichwa cha mtu badala ya bomba, watu 900 wanagawana lita 11,700, yaani lita 13 kwa kila mmoja. Kwa hiyo nukta ikue kadiri ya watu wake, na mhimili wa kanda ile ushushwe kutoka 20 hadi 13.