Kuliandikia Sikio la Mgeni

Mwalimu alikata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja, akachukua biki, akaandika neno moja: sindano. Kisha akalitazama kwa muda, kama seremala anavyoutazama ubao kabla ya kuutia msumeno. Tulikuwa tumeketi barazani kwake, Kasongo. Muuguzi mmoja Mfaransa alikuwa anakwenda Kabambare keshokutwa, Kiswahili hajui, naye alitaka sentensi ishirini atakazozisema kwa wagonjwa kwa kinywa chake mwenyewe.

Mimi na wewe tukiliona neno sindano hatuoni kazi yoyote ndani yake. Lakini Mfaransa akikuta i, kisha n, kisha konsonanti nyingine, huipeleka irabu puani na n yenyewe haisikiki tena. Mwalimu alianza kwa kulikata neno kama tulivyofundishwa shuleni: si-nda-no. Akampa mgeni asome. Mgeni akafika kwenye nda, akakwama, akatafuta irabu ya kushikilia, akasema "si-enda-no". Mwalimu akakata kwa mstari na kuandika upya: sinn-DA-no. Hizo n mbili humwambia Mfaransa kwamba i ibaki mdomoni, kama anavyolisoma jina Anne. Herufi kubwa za DA humkumbusha aukaze mkazo hapo, maana lugha yake humvuta kuuweka mwisho wa neno. Ukimuuliza mwanasarufi, atakwambia silabi zimekatwa vibaya, na ni kweli. Lakini safari hii mdomoni mwa mgeni ilitoka sindano, safi kabisa, na mimi hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mwalimu. Alikuwa tayari kuikosea lugha kwenye karatasi ili isikosewe hewani.

Baada ya hapo aliandika haraka zaidi. U yetu ikawa ou, kwa sababu u ya Kifaransa hutamkwa midomo ikiwa imebanwa, karibu na i. Sh ikawa ch, na ch ikawa tch. J ikawa dj. Kisu kikawa KI-ssou, kwa kuwa s moja kati ya irabu mbili Mfaransa huisoma z.

Hiyo s mbili ina historia yake papa hapa. Vitabu vya Wabelgiji vya wakati wa vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waarabu na Waungwana huuandika mji huu Kassongo, na Nyangwe huiandika Nyangwé, kwa alama juu ya e ili msomaji asiimeze. Ngongo Lutete, jemadari mashuhuri wa siku zile, mara nyingi humo ni Gongo Lutete: sikio la mgeni halikuizoea ng mwanzoni mwa neno, na n ikapotea. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869 akaiandika Bambarre. Ka ya mbele imeanguka, na r imeongezwa mwenzake. Nchi nzima aliiita Manyuema. Kwetu ni Manyema, silabi tatu, na wazawa wake walioko Ujiji na Kigoma mpaka leo ni Wamanyema. Kalamu ya Kifaransa ikaandika Maniema, na hiyo ndiyo iliyobaki kwenye mihuri ya mkoa. Msomaji wa Dar es Salaam anayekutana na jina hilo kwenye ramani husema Ma-ni-e-ma, silabi nne. Hana kosa. Anasoma kwa Kiswahili maandishi yaliyokusudiwa mdomo wa Kifaransa.

Kwa sababu hiyo kila kadi ya mwalimu ina mistari mitatu: maana kwa Kifaransa juu, matamshi katikati, na Kiswahili chenyewe, kwa tahajia yake halali, chini. Nimeona vijitabu vilivyoacha mstari huo wa chini ili kuokoa nafasi. Mgeni akishindwa kutamka "Una shida gani?" humwonyesha mgonjwa kitabu, na mgonjwa aliyesoma vizuri tu anakuta "ouna chida gani" na kurudisha kitabu. Na kadi hiyohiyo ikipita mkononi mwa daktari aliyezoea Kiingereza, atasoma chida kwa ch ya chai. Matamshi ya kuandikwa hutumika kwa lugha moja tu ya msomaji. Akibadilika msomaji, yanaandikwa upya tangu mwanzo.

Kiswahili cha huku kilimsaidia mwalimu mahali ambapo kile cha vitabu vya pwani kingemtesa. Mzuri, mgonjwa na mkono huanza kwa m isiyo na irabu, na Mfaransa huitangulizia e: "emzuri". Lakini Kasongo husikia muzuri, mugonjwa, mukono, na hayo hukaa vizuri mdomoni mwa Mfaransa: mou-ZOU-ri, mou-KO-no. Mwalimu aliandika yanavyosemwa sokoni. Asante nayo aliiandika ak-SANN-ti.

Sentensi iliyomkalisha zaidi ilikuwa "Inakuuma wapi?" Ndani yake mna u mbili zinazofuatana, na kila moja ni silabi: ya kwanza ni ya mgonjwa anayeulizwa, ya pili ni ya kitenzi chenyewe. Mtu mwenye haraka huziunganisha. Zikiungana, kinachosikika si swali tena bali neno la aibu la mwili wa mwanamke, ambalo sitaliandika hapa, na mwenye kulisikia ni mama mgonjwa aliyekaa mbele ya watu. Mwalimu aliandika i-na-kou-OU-ma. Mgeni akalisoma mara tano. Mara tatu akazitenganisha, mara mbili akateleza. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mama yangu," alimwambia kwa Kifaransa cha upole, "neno linaloteleza mara mbili kwa tano, usiende nalo." Akaikunja kadi ile, akaitia mfukoni mwake.

Wengi wa wanaoandika vitabu vya wasafiri hawafanyi hivyo. Sentensi ikiwa ngumu, huongeza alama na mistari mpaka ukurasa unafanana na noti za muziki. Yeye alitafuta sentensi nyingine. Tena alikuwa na hoja ya pili: hata likitamkwa vizuri, swali la "wapi" huzaa jibu. Mgonjwa akisikia Kiswahili kizuri hudhani mgeni anakijua, naye humimina maelezo marefu, pengine akichanganya Kibangubangu, na mgeni hana kadi ya kusikilizia.

Akaandika: Nionyeshe kwa kidole. Katikati akaweka ni-o-GNÉ-ché kwa ki-DO-lé. Gn ndiyo ny ya Mfaransa. Wangeitumia wale wa zamani, mkoa huu ungeandikwa vingine.

Kisha likaja jaribio, ambalo hakuliruka kwa kadi hata moja. Alimwita jirani yake, mama mtu mzima ambaye hakuwa ameiona kadi wala kuambiwa kinachokuja, akamkalisha akitupa mgongo ili asisome midomo wala mikono. Mgeni akashika kadi karibu na macho, akasoma polepole. Mama alinyamaza kidogo. Halafu, bila kugeuka na bila kusema neno, alipeleka mkono nyuma na kuweka kidole kiunoni, upande wa kushoto.